Kwa nini kingo zako hukatikakatika kwenye mandhari bandia

Ukiwasha mandhari bandia kwenye Zoom au Google Meet, kitanda kisichotandikwa hutoweka, lakini sikio hukatika, nywele huzungukwa na utepe wenye rangi ya ukuta, na ukipunga mkono vidole huyeyuka. Wengi hulaumu intaneti. Kwa kawaida kazi ya kukutenga na chumba hufanyika kwenye kompyuta yako kabla picha haijatumwa, ndiyo maana kasoro hizo unaziona hata ukijitazama peke yako kabla ya kikao.

Ili iende kasi, programu huipunguza kila fremu iwe ndogo, kisha hukisia kila pikseli ni mtu au ni chumba. Modeli moja ya MediaPipe, zana za Google, hufanya kazi kwenye picha ya pikseli 256 kwa 144. Kamera ikitoa 1280 kwa 720, kisio moja hufunika mraba wa pikseli 5 kwa 5. Unywele ni mwembamba kuliko mraba huo. Programu hulainisha ukingo kwa kuchanganya nusu picha halisi na nusu mandhari, na hapo ndipo rangi ya ukuta wako hupenya. Ukuta mweupe ukiwekewa picha ya usiku, utepe huonekana waziwazi. Picha angavu huuficha.

Vidole vina sababu nyingine. Chumba kikiwa na giza, kamera huacha kila fremu ipokee mwanga kwa muda mrefu zaidi. Kwa sekunde 1/15, mkono unaokwenda sentimita 60 kwa sekunde husogea sentimita 4 ndani ya fremu moja. Unabaki ukungu, na programu haioni umbo la mkono.

Chukua chumba ambacho dirisha liko nyuma yako na kando yake kuna kabati jeusi. Dirisha huufanya uso uwe mweusi, na nywele nyeusi hupotelea kwenye kabati. Geuza meza ili dirisha liwe mbele yako, kisha tandaza shuka la rangi moja iliyofifia juu ya kabati. Ondoa pia kiti chenye mgongo mrefu, kwa sababu programu hukihesabu mara kuwa mtu, mara kuwa chumba, na hapo mabega humetameta. Mimi huanza na mwanga kabla ya kugusa mpangilio wowote. Ndio unaorekebisha mengi.

Kwa anayefundisha kila siku, kitambaa cha kijani kisichong'aa, kilichopigwa pasi, ni bora zaidi. Kaa kama mita moja mbele yake ili kivuli chako kisikiangukie, kisha kwenye Zoom, sehemu ya `Background & effects`, weka alama kwenye `I have a green screen`. Sasa programu inatafuta rangi, haikisii umbo, kwa hiyo shati au kitenge chenye kijani kitatoboka.