Mvua ya kwanza si ruhusa ya kupanda

Muswada wa video ya elimu kwa wakulima wa Dodoma wenye shamba la kichanga

Onyesho la 1

*Picha: Asubuhi, shamba lililokwishalimwa. Ardhi imelowa juu. Upande wa pili wa njia, jirani na wanawe wanafukia mbegu. Mama amesimama pembeni ya shamba lake na ndoo ya mbegu. Afisa ugani anafika na pikipiki.*

MAMA: Bwana shamba, wenzangu wameshaanza. Mimi nisubiri nini tena, na mvua imenyesha?

AFISA UGANI: Imenyesha, mama. Lakini nipe jembe kwanza, tuone imefika wapi.

*Picha ya karibu sana: Jembe linakata shimo lenye ukuta ulionyooka. Udongo wa juu ni mweusi kwa unyevu. Kimo cha kiganja kwenda chini, rangi inabadilika ghafla kuwa ya kijivu. Kidole kinagusa mpaka huo na vumbi linadondoka.*

MSIMULIZI: Hapa unyevu umeishia sentimita 12. Mvua hii ilikuwa milimita 14. Jua la Dodoma mwishoni mwa Novemba huweza kuvuta kama milimita 5 kwa siku kutoka kwenye udongo mtupu uliolowa. Kwa hiyo baada ya siku tatu au nne, sehemu ambayo mbegu imelala itakuwa imekauka. Punje ya mahindi huhitaji siku 5 hadi 7 kutokeza juu ya ardhi. Itavimba, itatoa mzizi, kisha itakosa maji ikiwa katikati ya safari.

*(Kwa mpiga picha: mpaka wa unyevu kwenye shimo ndio picha kuu ya video nzima. Usiupite haraka. Ukae kwenye kioo hadi msimulizi amalize.)*

Onyesho la 2

*Picha: Redio juu ya kigoda, kisha ramani ya Tanzania yenye rangi.*

MSIMULIZI: Mikoa ya kati hupata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kabla haujaanza, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa utabiri wa Mvua za Msimu. Utasikia maneno matatu: chini ya wastani, wastani, au juu ya wastani. Neno la katikati ndilo linalowaponza wengi.

Kwa kipimo cha TMA, mvua ikiwa kati ya asilimia 75 na asilimia 125 ya kiwango cha miaka mingi, inaitwa ya wastani. Dodoma mjini kiwango hicho ni kama milimita 570 kwa mwaka. Piga hesabu: mwaka wa milimita 430 ni wa wastani, na mwaka wa milimita 710 nao ni wa wastani. Mkulima wa mahindi anaijua tofauti ya miaka hiyo miwili tumboni. Tena jumla hiyo haikuambii mvua itakatika lini katikati ya msimu, na huko ndiko mahindi yanakofia.

Basi utabiri wa msimu utumie kugawa ekari na kuchagua mbegu, usiutumie kuchagua siku. Mwenye ekari tatu akisikia "wastani" anaweza kuweka mbili za mtama na moja ya mahindi ya muda mfupi. Akisikia "chini ya wastani", mahindi yashuke hadi nusu ekari kwenye kipande kinachotunza maji vizuri, na nafasi iliyobaki iende kwenye mtama au uwele. Siku ya kupanda inaamuliwa na vitu vingine viwili: kopo na jembe.

Onyesho la 3

*Picha: Kopo la bati lenye pande zilizonyooka linafungwa kwenye nguzo fupi mahali peupe. Mkono unatia matone ya mafuta ya kula ndani yake.*

MSIMULIZI: Kopo liwe na mdomo na kitako vya upana uleule. Likiwa pana juu na jembamba chini, litakudanganya kwa kuongeza mvua. Liweke mbali na mti au paa, angalau mara mbili ya urefu wa kitu hicho, na mdomo uwe juu ya ardhi kiasi cha kutorukiwa na matope. Matone machache ya mafuta hutanda juu ya maji na kuyazuia yasikauke kabla hujapima. Pima kila siku saa 3 asubuhi, andika, mwaga.

*Picha ya karibu: Rula inaingizwa kwenye kopo. Kamera inaonyesha ncha ya rula: kuna kipande kitupu kabla ya sifuri.*

Angalia rula yako. Nyingi zina kipande kabla ya sifuri, na mtu husoma milimita 15 wakati zipo 20. Ikate ianzie kwenye sifuri. Milimita moja ndani ya kopo ni lita moja ya maji kwenye kila mita moja ya mraba ya shamba lako.

Onyesho la 4

*Picha: Daftari la karatasi. Tarehe zinaandikwa moja baada ya nyingine huku msimulizi akisema.*

MSIMULIZI: Tuchukue mfano. Tarehe 24 Novemba, milimita 14. Jirani anapanda mahindi ekari moja, kilo 8 hadi 10 za mbegu. Baada ya hapo kopo ni kavu siku kumi mfululizo. Tarehe 5 Desemba, milimita 11. Tarehe 6, milimita 17. Jumla ya siku mbili ni 28.

Wataalamu wa hali ya hewa hutumia kanuni kama hii: msimu umeanza mvua ikifika milimita 20 ndani ya siku mbili au tatu, na siku 30 zinazofuata zisiwe na ukame wa zaidi ya siku kumi. Kanuni ni nzuri kwa mtu wa ofisini anayetazama mwaka uliopita. Mkulima ameshika mbegu leo, nusu ya pili ya kanuni hiyo hawezi kuiona. Kwa hiyo mahali pake tunaweka mambo mawili: chimba, na sikiliza utabiri wa siku kumi wa TMA.

*Picha: Shimo lilelile la onyesho la kwanza, tarehe 7 Desemba. Unyevu umepita alama ya sentimita 20 kwenye kijiti. Mkono unafinya udongo wa chini, unashikamana.*

Unyevu umevuka sentimita 20. Chimba pia sehemu mbili nyingine, maana mvua ya Dodoma inaweza kunyesha huku na kuruka kule. Utabiri wa siku kumi unaonyesha mvua zaidi? Panda mahindi kesho asubuhi, lakini si yote. Panda nusu, na nusu nyingine baada ya wiki mbili, shimo likikubali tena.

Sababu ya kugawa ni Februari. Mahindi ya Katumani hukomaa kwa siku 90 hivi na huchanua yakiwa na siku 50 hadi 55. Yaliyopandwa tarehe 8 Desemba yatachanua mwisho wa Januari na mwanzo wa Februari. Yaliyopandwa tarehe 22 Desemba yatachanua katikati ya Februari. Ukame wa katikati ya msimu hupenda kuja kipindi hicho, na wiki mbili za jua wakati wa kuchanua hukausha nywele za gunzi kabla hazijapokea chavua. Unabaki na bua zuri lenye gunzi la punje kumi. Hujui jua litaanza wiki ipi. Usiweke shamba zima kwenye wiki moja.

Onyesho la 5

*Picha: Mtama mchanga, majani yamejikunja kama kalamu. Mpito: mtama uleule siku chache baada ya mvua, majani yamefunguka.*

MSIMULIZI: Mtama una tabia nyingine. Ukikosa maji hukunja majani na kusimama kukua, mvua ikirudi huendelea. Ndiyo maana mtama, mathalani aina ya Macia, unaweza hata kupandwa kwenye udongo mkavu kabla ya mvua, jambo ambalo mahindi hayalipendi. Ila ukipanda kavu, fukia sentimita 5. Ukifukia juujuu, manyunyu ya milimita 6 yataiamsha mbegu kisha jua liiue. Na itiwe dawa ya kuzuia wadudu, kwa sababu inaweza kulala ardhini wiki mbili au tatu. Usionje wala usiwape kuku mbegu iliyotiwa dawa.

Tahadhari moja: shikamaneni na majirani. Mtama unaoiva peke yake, kabla au baada ya mashamba mengine, ndio meza ya kwelea kwelea.

Onyesho la 6

*Picha: Shamba la jirani, siku ya kumi. Mistari ina mapengo makubwa. Afisa ugani na jirani wamechuchumaa.*

JIRANI: Nimeona bora ningoje, labda zitaota mvua ikirudi.

AFISA UGANI: Tufukue, ndugu yangu. Mbegu yenyewe itasema.

*Picha ya karibu: Punje tatu kwenye kiganja.*

MSIMULIZI: Ya kwanza ni ngumu na kavu kama ilivyotoka mfukoni. Hii haikupata maji, bado ni hai, itaota. Ya pili imevimba, laini, ukiibonyeza inatoa uji wenye harufu. Imeoza. Ya tatu imetoa mzizi, lakini mzizi ni wa kahawia na umesinyaa kama uzi. Hiyo iliota ikafa, haitaamka hata mvua ikinyesha usiku kucha.

Fukua mashimo 20 kwa kuvuka shamba kona kwa kona. Yenye mche au mbegu hai yakizidi nusu, rudishia kwenye mapengo tu, mara moja, maana mche uliochelewa sana utafunikwa na wenzake. Yakiwa chini ya nusu, panda upya.

Onyesho la 7

*Picha: Kalenda ya ukutani. Kidole kinarudi nyuma kutoka Aprili.*

MSIMULIZI: Kuna na siku ya kufunga mlango. Ukichukulia mvua itakatika karibu na tarehe 10 Aprili, rudi nyuma siku 90: unafika tarehe 10 Januari. Baada ya hapo mbegu ya mahindi iliyobaki iwekwe ndani. Kipande hicho kipe kunde au choroko za muda mfupi, zinazokomaa kwa siku 60 hadi 75.

Kwa mahindi yaliyokwisha simama, palizi ya wiki ya tatu au ya nne iwe pia kazi ya maji. Inua matuta yanayokata mteremko, kisha ziba mfereji kwa kifusi cha udongo kila baada ya mita 2. Kifusi kiwe kifupi kuliko tuta. Kikilingana nalo, mvua kubwa itavunja tuta na kuondoka na udongo. Kwenye mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi, usizibe. Maji yatasimama na mizizi itakosa hewa.

*Picha ya mwisho: Februari, jua kali. Mistari miwili ya mahindi: mmoja una madimbwi yaliyokauka kati ya vifusi, jembe linafukua na udongo wa chini bado ni mweusi. Mwingine hauna vifusi. Jembe linagonga na vumbi linapaa.*