Je, wajua kwa nini mita ya LUKU inayolia inampiku mtoto mwenye homa?

"Hivi jamani, kwa nini siku kazi za nyumbani zikirundikana zote za haraka najikuta nimekimbia kutwa nzima halafu ile ya maana ndo haijafanyika? Na hii ya kuandika listi inasaidia kweli au ni mbwembwe tu?"

Listi inasaidia, ila sio listi yoyote. Wengi wanaandika majina ya kazi tu kisha wanaanza na iliyo juu, au ile rahisi ili wapate raha ya kukata mstari, na hapo karatasi haijakusaidia chochote.

Tatizo linaanzia kichwani. Mwaka 2018 watafiti watatu, Zhu, Yang na Hsee, walionyesha kwamba watu wakipewa kazi mbili, mara nyingi wanakimbilia ile ambayo muda wake unakaribia kuisha hata kama malipo yake ni madogo kuliko ya nyingine. Ule muda kuyoyoma tu unatosha kutuvuta. Sasa nyumbani ndo balaa, maana vitu vyenye kelele ni vingi, mita inalia, bomba linatiririka, simu ya mgeni inaita, na mtoto aliyelala kimya na joto mwilini hapigi kelele yoyote. Halafu kichwa chenyewe hakibebi mengi, kwa mujibu wa Nelson Cowan (2001) ni kama vitu vinne hivi kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukiwa na kazi nane nusu yake zinapotea na kurudi, zinapotea na kurudi, ndo ule uchovu wa kusimama katikati ya jiko huku umesahau umefuata nini.

Tuchukue Jumamosi moja ya Dar, nyumba ya mgao wa maji. Mama ameamka saa 12 asubuhi, maji yametoka na huwa yanakata saa 4. Mtoto wa miaka 3 alipata homa usiku. Mita ya LUKU inalia, zimebaki uniti 4. Maharage ya mchana hayajalowekwa. Yunifomu za Jumatatu ni chafu. Mgeni anakuja saa 9. Kuna mchango wa shule wa kutuma kwa simu, na kabati la vyombo alishaapa wiki hii lazima lipangwe.

Aziandike zote kwanza, hata lile kabati, bila kupanga chochote. Halafu mbele ya kila moja aandike vitu viwili tu: ikikosa kufanyika leo kitaharibika nini, na mwisho wake saa ngapi. Hapa ndo kazi zinaanza kuvuana nguo. LUKU inalia kweli, lakini friji dogo kwa siku linakula kama uniti moja hivi, pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima ni uniti moja nyingine, kwa hiyo 4 zinafika usiku bila shida. Mwisho wake ni jioni, na kununua ni dakika chache kwenye simu. Mchango nao ni simu. Kabati likikosa leo haliharibiki lolote.

Mtoto je? Sehemu zenye malaria, homa ya mtoto inatakiwa ipimwe ndani ya saa 24 tangu ianze, na hii ilianza usiku, ina maana hakuna habari ya "tuone kesho". Na hapa niseme wazi, mtoto akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila anachokula, akipata degedege au akilegea mpaka haamki vizuri, tupa listi, beba mtoto uende hospitali sasa hivi. Wa huyu mama anakunywa uji na anacheza kidogo, kwa hiyo ana nafasi ya kama saa moja ya kuiweka nyumba sawa kabla ya kutoka.

Hiyo saa moja aitumieje sasa? Hapa ndo pana utamu, na wengi wanapakosa. Angalia kazi zipi ukishazianzisha zinajiendesha zenyewe, na zipi nyingine zinazisubiri. Kujaza pipa kunataka mikono yako dakika mbili, kuchomeka mpira na kufungua bomba, ile saa nzima inayobaki ni ya bomba lenyewe. Na bila maji hakuna kufua wala kupika, kwa hiyo maji ndo ya kwanza kuanzishwa japo mtoto ndo wa kwanza kwa uzito, na hizo mbili hazigombani kabisa. Maharage yasiyolowekwa usiku unayachemsha dakika 2 au 3, unazima, unafunika na kuyaacha saa moja au zaidi, baadae unamwaga yale maji na kuyapika upya mpaka yaive kabisa, yanawahi kuliko ukiyaanza makavu. Yunifomu zinalowekwa na sabuni, uchafu unalegea wenyewe. Yani mpaka saa 1 kazi tatu zinatembea na yeye kashika moja tu, kumwandaa mtoto.

Karatasi yake ikawa hivi:

12:15 mpira kwenye pipa (dada afunge bomba)
12:20 maharage yachemke, nifunike
12:40 loweka yunifomu
1:15 kliniki na mtoto. Kwenye foleni: LUKU, mchango
4:00 suuza, anika
4:30 maharage jikoni
8:00 fagia sebuleni tu

Nyuma ya karatasi: kabati.

Angalia mambo mawili hapo. La kwanza, kila kazi ina saa yake, na zingine zina mahali au mtu. Masicampo na Baumeister mwaka 2011 walionyesha kwamba jambo lisilokamilika linakusumbua akilini ukifanya kitu kingine, ila ukilipangia mpango mahususi usumbufu unapungua hata kabla hujalifanya. Kwa hiyo "LUKU, kwenye foleni" inakutuliza, "LUKU" peke yake inaendelea kukulilia kichwani. La pili, yunifomu zinaanikwa saa 4 kwa sababu jua la mchana lote lipo mbele, ukianika saa 10 sweta litalala na unyevu, na Jumapili mvua ikinyesha umeisha.

Listi inakwama wapi? Inakwama kazi mbili zinapotaka mikono yako saa ileile. Karatasi haiongezi mikono. Mfano majibu ya kliniki yakichelewa. Kipimo cha haraka cha malaria chenyewe ni dakika 15 hadi 20, ila foleni ndo haina adabu, ikawa saa 6 bado uko kule. Hapo usijaribu kubana kila kitu, rudi kwenye lile swali la nini kitaharibika. Maharage yaliyofunikwa tangu asubuhi kwenye joto la Dar yataanza kuchacha, kwa hiyo unampigia dada ayamwage maji, ayaoshe na kuyabandika, kama ana umri wa kuachiwa jiko. Hana umri huo? Muombe jirani. Yunifomu zikilala kwenye maji masaa mawili zaidi hazidhuriki, jua bado lipo. Na mgeni atakuta sebule haijafagiwa, bahati nzuri mgeni wa kwetu akisikia mtoto anaumwa anashika ufagio mwenyewe.