Kimeingia, lakini kinasema nini?

“Kaka, nimekata, kimeingia.” Wiki hii nimeisikia mara nne kwenye dawati letu hapa Mwanza. Dhana yenyewe ni kwamba kufupisha kichwa cha habari ni kupunguza maneno mpaka safu ikubali. Si kweli, na kwa Kiswahili ni hatari zaidi, kwa sababu silabi moja inabeba nani katenda na nani katendwa.

Chukua habari ya mfano. Safu moja, mistari mitatu, herufi 14 kila mstari, nafasi zikihesabiwa. Mwandishi ana sentensi hii: “Wavuvi sita wamekamatwa kisiwani Ukerewe wakidaiwa kuvua kwa kokoro.” Hizo ni herufi 67 bila nukta, na safu inabeba 42 tu. Anakata, anapata:

Wavuvi sita
wakamatwa na
kokoro Ukerewe

Kimeingia kweli. “Wamekamatwa” kuwa “wakamatwa” ni sawa kabisa, vichwa vyetu vimeandikwa hivyo miaka yote. Lakini soma tena. “Wakamatwa na polisi” maana yake polisi ndio waliokamata. Basi “wakamatwa na kokoro” inafanya nyavu ziwe ndizo zilizokamata watu! Hiyo “na” imening'inia mwisho wa mstari, jicho linasimama mahali pabaya. Kibaya kuliko vyote, “wakidaiwa” limetupwa, na watu hawa hawajafika hata mahakamani.

Mimi sigusi sentensi ya mwandishi. Naifunika, najiuliza: nini kikiondoka habari inakufa? Kukamatwa, madai, kokoro. Idadi na Ukerewe vinakaa vizuri kwenye aya ya kwanza, sentimita moja chini. Halafu natafuta neno fupi linalobeba tendo zima: “mbaroni”, herufi saba badala ya 11.

Wavuvi mbaroni
wadaiwa kuvua
kwa kokoro

Herufi 14, 13 na 10. Kila mstari umebeba wazo lake, na tuhuma imebaki tuhuma.

Wengine hudhani 42 ni jumla, ugawe upendavyo. Hapana. Kichwa hakivunji neno kwa kistari, kwa hiyo “wamekamatwa” likikaa kwenye mstari, limebakiza nafasi na herufi mbili tu.

Wala herufi hazilingani upana. Sisi tulifundishwa kuhesabu m na w ndogo moja na nusu, i na l nusu. “Wamwambia” na “aliitikia” yote yana herufi tisa. Yaweke kwenye ukurasa uone lipi linagonga ukingo.

Na tafadhali, usimwombe msanifu abane herufi. Kichwa kilichobanwa kinaonekana kimekondeana kando ya jirani yake, na tatizo la maana liko palepale. Kabla ya kunitumia, kisome kwa sauti kwa mtu ambaye hajaiona habari, umwulize nani kafanya nini. Akikosea, andika upya.