Dakika kumi ambazo kompyuta haikupi

Wengi wanaojiandaa na IELTS, mtihani wa Kiingereza, husema: “IELTS ni ileile, ya karatasi au ya kompyuta. Nikifanya mazoezi kwenye vitabu nimemaliza.”

Maswali na usahihishaji ni sawa, kweli. Kinachobadilika ni muda, hasa kwenye sehemu ya kusikiliza, na hapo ndipo watu wanaumia.

Kwenye karatasi unasikiliza huku ukiandika ovyo kwenye kijitabu cha maswali, kisha unapewa dakika 10 za kuhamishia majibu 40 kwenye karatasi ya majibu. Ndani ya dakika hizo unarekebisha herufi na wingi wa nomino. Kwenye kompyuta unachapa jibu sauti ikiendelea, na mwishoni unabaki na dakika 2 tu za kukagua.

Chukua mtu aliyezoea vitabu. Anasikia `accommodation`, anaandika kifupi “acc” kwenye karatasi ya rasimu, akipanga kulichapa baadaye. Majibu kama hayo yakifika kumi, dakika 2 hazimtoshi. Akichapa `accomodation`, jibu ni kosa, maana tahajia inahesabiwa na mashine haitamwekea mstari mwekundu.

Kwa hiyo zima kisahihishi cha tahajia unapojifunza, cheza sauti mara moja bila kuisimamisha, na chapa neno zima palepale huku macho yakiwa tayari kwenye swali linalofuata. Ukiona unakosa swali linalofuata kila baada ya jibu refu, tatizo ni vidole, si masikio. Ongeza mazoezi ya kuchapa kabla hujaongeza ya kusikiliza.