Pampu iliyolipwa mara moja na kuandikwa mara mbili: ninavyosoma taarifa ya ada ya huduma

Kazi yangu ni uhasibu, na kwa miaka kadhaa sasa sehemu kubwa ya muda wangu hapa Dar es Salaam imekuwa ni kukagua hesabu za majengo ya ghorofa ambayo kila apatimenti ina mmiliki wake. Tangu Sheria ya mwaka 2008 iruhusu hati ya umiliki wa sehemu ya jengo, wamiliki wa majengo ya namna hii wana chama chao, na chama ndicho kinachotunza ngazi, lifti, paa, geti na kila kitu kisicho cha mtu mmoja. Fedha ya kazi hiyo ni ile ada ya huduma ambayo wengi wetu tunaiita tu sevisi chaji, na kila robo mwaka mmiliki huletewa taarifa ya kurasa moja au mbili inayoeleza ilivyotumika. Nitaieleza taarifa moja niliyoikagua katika jengo la Upanga, kwa kuwa mistari yake miwili, wa matengenezo na wa ulinzi, ilikuwa na makosa ya aina mbili tofauti kabisa.

Jengo hilo lina apatimenti 24. Kumi na sita ni za vyumba viwili, na kila moja hubeba asilimia 3.75 ya gharama. Nane zilizobaki ni za vyumba vitatu, na kila moja hubeba asilimia 5. Taarifa ya Aprili hadi Juni ilionyesha matumizi ya shilingi 42,000,000, na juu yake ada ya meneja wa jengo ya asilimia 10, yaani shilingi 4,200,000. Kwa hiyo mwenye vyumba vitatu alidaiwa shilingi 2,310,000 kwa robo hiyo. Ulinzi ulichukua 13,806,000 na matengenezo 12,480,000. Usafi, umeme wa maeneo ya pamoja, dizeli ya jenereta na bima havikuwa na tatizo, nami sitavirudia.

Aliyeniita ni mama mmoja mstaafu, mwenye apatimenti ya vyumba vitatu, ambaye alikuwa ameshamwandikia meneja barua mbili zikijibiwa kwa maneno kwamba bei za vitu zimepanda. Aliniambia, “Mwanangu, mimi sipingi kulipa. Ninachotaka ni kujua nimelipia nini.” Nilipozisoma barua zake niliona kwa nini hazikupata jibu la maana: zote mbili ziliuliza kwa nini gharama ni kubwa, na swali la namna hiyo halimlazimu mtu kufungua faili lolote. Tuliandika ya tatu, ambayo sehemu yake ilisomeka hivi: “Ndugu Meneja, kuhusu mstari wa matengenezo wa shilingi 12,480,000, naomba kuona orodha ya ankara zinazounda jumla hiyo, kila moja ikiwa na tarehe, namba, jina la fundi au kampuni, na tarehe ambayo fedha ilitoka benki. Kuhusu mstari wa ulinzi, naomba kuona mkataba unaotumika sasa, ankara za miezi mitatu, na daftari la walinzi la getini kwa miezi hiyo hiyo.” Wakati huohuo nilimshauri alipe ada yake yote na aandike kwenye barua kwamba analipa huku hoja zake zikiwa wazi, kwa sababu kanuni za majengo mengi, likiwemo hilo, humnyima mdaiwa haki ya kupiga kura kwenye mkutano.

Orodha ya matengenezo ilikuwa na vitu vitatu: pampu mpya ya maji kwa 5,900,000, mota ya geti kwa 1,180,000, na kazi ya paa kwa 5,400,000. Ankara ya pampu ilikuwa halali, ikiwa na bei ya 5,000,000, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ambayo ni 900,000, na risiti ya kielektroniki ikiwa imebanwa nyuma yake. Mtu anayekagua robo moja peke yake angeishia hapo na kuridhika. Mimi huwa naomba pia taarifa ya robo iliyotangulia, hata kama imeshapita na kusahaulika, kwa kuwa kazi kubwa za ufundi mara nyingi hulipiwa nusu kwanza na nusu baada ya kukamilika, na hapo ndipo hesabu huteleza. Katika taarifa ya Januari hadi Machi, chini ya matengenezo, kulikuwa na mstari mdogo: “Pampu, malipo ya awali, 2,950,000.”

Maana yake ni kwamba nusu ya bei iliandikwa kuwa gharama mwezi Machi ilipolipwa, kisha ankara nzima ikaandikwa tena kuwa gharama mwezi Aprili ilipofika. Malipo ya awali hayapaswi kuwa gharama siku yanapotoka. Huwekwa pembeni kama fedha ambayo fundi anadaiwa na jengo, na ankara inapokuja hukatwa humo. Uthibitisho ulikuwa benki. Huko zilionekana fedha mbili tu zilizokwenda kwa muuza pampu, 2,950,000 mwezi Machi na 2,950,000 mwezi Aprili, jumla 5,900,000, ilhali taarifa mbili za wamiliki zikijumlishwa zilidai 8,850,000 kwa pampu hiyohiyo.

Sasa, fedha hiyo ya ziada, 2,950,000, haikutoka benki. Kwa hiyo ilipaswa kuwapo, na swali langu la pili lilikuwa: iko wapi? Salio la benki halikuonyesha ziada yoyote. Nilipoomba orodha ya wadaiwa nikapata jibu: apatimenti tatu za vyumba vitatu hazikuwa zimelipa kitu robo hiyo, pengo la shilingi 6,930,000, na ile ziada ya pampu ilikuwa imemezwa na pengo hilo bila mtu kuisema. Sikuona dalili kwamba meneja aliiba. Nilichoona ni kwamba wanaolipa kwa wakati walikuwa wakiwalipia wasiolipa, na kosa la uandishi ndilo lililolificha jambo hilo. Kwa maoni yangu orodha ya wadaiwa, hata ikiwa na namba za apatimenti tu bila majina, inapaswa kuambatana na kila taarifa. Bila hiyo salio la benki haliwezi kusomeka.

Ulinzi ni mstari wa namna nyingine, kwa sababu ankara yake hurudi kila mwezi ikiwa na kiasi kilekile, na kitu kinachofanana kila mwezi hakuna anayekitazama tena. Kampuni za ulinzi hutoza kwa idadi ya walinzi katika kila zamu. Mkataba wa jengo hili ulitaja walinzi wawili mchana na watatu usiku, kila mmoja kwa shilingi 650,000 kwa mwezi kabla ya kodi. Walinzi watano ni 3,250,000, na pamoja na kodi ni 3,835,000 kwa mwezi, sawa na 11,505,000 kwa robo. Taarifa ilidai 13,806,000. Tofauti ya 2,301,000 iligawanyika sawasawa kwa miezi mitatu kuwa 767,000, na 767,000 ni bei ya mlinzi mmoja pamoja na kodi yake. Namba ikigawanyika vizuri hivyo, mara nyingi ni mtu mmoja wa ziada aliyetajwa kwenye ankara.

Daftari la getini lilieleza yaliyobaki. Ukuta wa nyuma ulikuwa umebomolewa ili ujengwe upya, na mlinzi wa tatu wa mchana aliletwa akae upande huo. Saini zake zipo hadi tarehe 30 Aprili, ukuta ulipokamilika, kisha hazipo tena. Ankara za Mei na Juni ziliendelea kumtaja. Kwa hiyo hoja ya haki haikuwa 2,301,000 yote, kwa kuwa Aprili alikuwapo kweli na alifanya kazi. Ilikuwa miezi miwili, yaani 1,534,000. Mama alitaka tudai yote, nami nilikataa, kwani dai moja lililozidi humpa meneja nafasi ya kuyatilia shaka yote.

Daftari hilo lina matumizi mengine pia. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne, hivyo mlinzi mmoja hufikia wastani wa saa 57 na nusu kwa wiki. Walinzi wawili mchana na watatu usiku, kila mmoja saa 12 kwa siku saba, ni saa 420 kwa wiki. Ukigawanya, unapata kwamba kampuni inahitaji angalau watu wanane kulijaza jengo hili bila kuvunja sheria. Nikikuta majina matano tu yakisaini kila siku kwa miezi mitatu bila kupumzika, ama watu wanachoshwa kinyume cha sheria, ama wengine wanasainiwa wakiwa hawapo. Hapa nilikuta majina tisa, nikaridhika.

Tofauti na pampu, fedha ya mlinzi ilitoka benki kweli na kuingia kwa kampuni. Marekebisho yake hayafanyiki ndani ya vitabu vya jengo peke yake. Lazima kampuni ikubali kupunguza ankara zijazo. Ilikubali kukata 767,000 katika Julai na Agosti. Ile ya pampu ilirekebishwa kwa kuwarudishia wamiliki punguzo katika taarifa iliyofuata. Na kwa kuwa ada ya meneja ni asilimia 10 ya matumizi, naye alikuwa amepata 448,400 juu ya shilingi 4,484,000 zisizostahili. Sipendi mikataba ya aina hii, maana humlipa msimamizi zaidi kadiri anavyotumia zaidi, lakini maadamu ndiyo iliyosainiwa, kila kosa likirudishwa lazima lirudi na asilimia yake. Jumla ikawa 4,932,400, na sehemu ya yule mama 246,620.

Kazi ya paa ilibaki kuwa mjadala. Ankara iliandika “matengenezo ya paa” tu, lakini fundi alipoulizwa vipimo alisema aliweka tabaka jipya la kuzuia maji kwenye meta za mraba 120 kwa shilingi 45,000 kila moja. Tabaka jipya linalotarajiwa kudumu miaka si kiraka, na kanuni za jengo hilo zinataka kazi za namna hiyo zitoke kwenye mfuko wa akiba. Kiasi hakipungui kwa kuhamishwa, ila anayekibeba hubadilika: wapangaji kadhaa, ambao mikataba yao inawataka walipe sevisi chaji, walikuwa wametozwa paa la mwenye nyumba, shilingi 270,000 kwa kila apatimenti ya vyumba vitatu. Wamiliki waliopangisha hawakuifurahia hoja hiyo hata kidogo, na mkutano uliahirisha kura yake hadi robo iliyofuata.