Kioo si kile cha kujitazamia: dhana potofu kuhusu chupa ya manukato kwenye picha za akili mnemba

Kiswahili kina neno moja, kioo, kwa kile cha dirishani na kile cha kujitazamia. Nikitazama picha za chupa za manukato zilizotengenezwa kwa akili mnemba, naona makosa mengi yanaanzia kwenye mchanganyiko huohuo. Kwenye agizo, yaani maneno ambayo modeli ya picha hupewa, chupa inaelezwa kana kwamba ni kioo cha kujitazamia: inang'aa kila upande, na manukato yaliyomo yanaonekana kama rangi iliyopakwa kwa nje. Hapa ninazungumzia chupa moja tu, ya duara, ya kioo kisicho na rangi, yenye manukato ya rangi ya kaharabu iliyokolea kidogo. Ukiiweza hiyo, umeshika sehemu kubwa ya kazi.

Dhana: Ili kioo kionekane kioo, ongeza maneno ya kung'aa.

Ukweli: Kioo safi hakina sura yake chenyewe. Ukikitazama uso kwa uso, kila uso wa kioo unarudisha takriban asilimia 4 tu ya mwanga, na karibu wote uliobaki unapita. Kadiri unavyokitazama kwa mshazari ndivyo kinavyorudisha mwanga mwingi zaidi, mpaka pembezoni kabisa kinakaribia kuwa kioo cha kujitazamia kweli. Ndiyo maana chupa ya duara inayoaminika huwa wazi katikati na yenye nguvu kwenye kingo. Modeli ikipewa "shiny" na "highly reflective" inafanya kinyume chake. Inavuta kumbukumbu za chuma kilichong'arishwa, inajaza mng'aro katikati ya chupa, mahali ambapo macho yalipaswa kupita hadi nyuma.

Wapiga picha wa bidhaa walilitatua jambo hili zamani kwa kupanga vitu vinavyoizunguka chupa. Njia moja ni kuweka ubao mweupe wenye mwanga nyuma ya chupa, mpana kiasi cha kujaza fremu tu, na kadi nyeusi kulia na kushoto nje ya fremu. Kingo za chupa zinapinda mwanga na kuleta ule weusi wa pembeni, kwa hiyo umbo zima linachorwa kwa mstari mwembamba wa giza. Njia ya pili ni kinyume chake: nyuma giza, pembeni mwanga, na kingo zinakuwa nyeupe. Modeli imeona maelfu ya picha za aina zote mbili. Ukiieleza mpangilio wa studio inaujua. Ukiiambia tu kwamba kioo kiwe kizuri, inachanganya mipangilio miwili katika chupa moja, ukingo wa kushoto mweusi na wa kulia mweupe bila sababu yoyote, na mtazamaji anahisi kuna kitu hakiko sawa hata kama hajui ni nini.

Dhana: Kimiminika ni rangi tu, ukishataja rangi yake umemaliza.

Ukweli: Hapa ndipo picha nyingi zinapoanguka, na ndipo ninapoangalia kwanza. Kioo cha kawaida kina kipimo cha kupinda mwanga cha takriban 1.5, hewa ni 1, na manukato, ambayo kwa sehemu kubwa ni alkoholi, yako karibu na 1.36. Mwanga huakisiwa pale vipimo viwili vinapoachana sana. Kati ya kioo na hewa tofauti ni kubwa. Kati ya kioo na manukato ni ndogo mno, kiasi kwamba kinachorudi ni chini ya asilimia 0.3.

Maana yake kwa macho ni hii. Sehemu ya juu ya chupa, palipo na hewa, ukuta wa kioo una nyuso mbili zinazoonekana: wa nje na wa ndani. Mng'aro wa taa unajirudia, mmoja mkali na pacha wake hafifu pembeni. Shuka chini ya usawa wa manukato, na uso wa ndani unapotea karibu kabisa. Mng'aro wa nje unaendelea moja kwa moja hadi chini bila kukatika, maana nje kote ni hewa, lakini pacha wake anakoma pale pale kimiminika kinapoanzia. Picha ikionyesha miwili yote kutoka shingoni hadi kitako, chupa hiyo haina kitu ndani, hata kama imepakwa kaharabu. Na mng'aro wa nje ukikatika kwenye usawa wa manukato, hilo pia ni kosa, tena la kawaida sana.

Usawa wenyewe una tabia zake. Alkoholi hulowanisha kioo, hivyo pembeni kimiminika kinapanda kidogo na kuacha ukingo mwembamba uliojikunja. Ukiuona kwa kamera iliyo chini kidogo ya usawa huo, uso wa manukato kwa ndani unaakisi kama kioo cha kujitazamia, kwa sababu mwanga unaoupiga kwa mshazari mkubwa hauwezi kutoka. Ukiuona kutoka juu kidogo, ni duara iliyobanwa, yaani yai jembamba. Mstari ulionyooka kabisa unafaa tu pale kamera iko sawasawa na usawa huo.

Kisha kuna mrija wa pampu. Chupa ya duara iliyojaa ni lenzi. Mrija uliosimama katikati unaonekana mnene zaidi ndani ya manukato, kwa takriban theluthi moja, kuliko unavyoonekana juu yake. Ukiwa umeegemea upande, unaonekana kama umevunjika pale unapoingia. Lenzi hiyohiyo hugeuza kushoto na kulia kwa vitu vilivyo mbali nyuma ya chupa, na hilo hutokea kwenye sehemu iliyojaa tu. Rangi nayo haiwi moja: pale mwanga unapopita kimiminika kingi, yaani katikati, kaharabu inakolea, na kuelekea pembeni inapauka.

Dhana: Ukiandika "ray tracing" au "8k", modeli itakokotoa mwanga.

Ukweli: Haikokotoi. Modeli za kutengeneza picha hujifunza jinsi picha zinavyohusiana na maneno. Hakuna miale inayofuatiliwa popote. Maneno hayo huvuta sura ya picha za kompyuta, zenye kingo safi kupita kiasi. Ukitaka sura ya kamera, taja kamera na studio.

Dhana: Mng'aro usioutaka unaondolewa kwa kuandika "no reflections".

Ukweli: Neno "reflections" likishaingia kwenye agizo, lina uzito wake, na mara nyingi "no" iliyo mbele yake haitoshi kulizima. Palipo na sehemu ya maagizo hasi, weka huko, lakini taja kitu chenyewe, kwa mfano `window reflection`, badala ya kukataa kila mng'aro. Chupa isiyoakisi chochote haionekani kama kioo. Njia ninayoiamini zaidi ni kusema nini kikae mahali pa dirisha: kadi nyeusi, au taa moja ndefu.

Tuone chupa yetu. Agizo la kwanza nililoandika lilikuwa kama wanayoandika wengi:

```
luxury perfume bottle, crystal clear shiny glass,
golden liquid, beautiful reflections, 8k, ray tracing
```

Picha iliyotoka ilikuwa ya kuvutia kwa sekunde mbili. Kwenye mwili wa duara kulikuwa na dirisha pana la mraba, ambalo lingewezekana tu kwenye uso bapa. Duara huminya dirisha kuwa ukanda mwembamba wa wima. Kaharabu ilifika hadi kwenye meza, wakati chupa za namna hii huwa na kitako kinene cha kioo kitupu na manukato huanza juu yake. Kivuli kilikuwa cheusi kama cha jiwe. Kimiminika cha rangi hupitisha mwanga, kwa hiyo kivuli chake kina rangi hiyohiyo, na ndani yake kuna doa angavu pale lenzi ya chupa ilipokusanya nuru.

Nikaandika upya, nikianza na chupa na kimiminika, kisha vinavyoizunguka:

```
studio photo, round clear glass perfume bottle,
thick clear base, two thirds full of pale amber liquid,
air gap above the liquid line, thin dip tube,
bright white panel behind, black cards at both sides,
thin dark edges, one tall strip softbox at left,
soft amber shadow falling toward camera
```

Kivuli nimekielekeza kwa kamera kwa sababu mwanga mkubwa unatoka nyuma. Maelekezo yakipingana, kwa mfano mwanga wa nyuma na kivuli cha nyuma, modeli haitakuuliza, itachagua chochote. Mpangilio wa maneno nao una maana. Modeli za mwanzo za Stable Diffusion husoma tokeni 77, yaani vipande vya maneno, kwa mkupuo mmoja, zikiwemo mbili za kufungua na kufunga, hivyo yale ya lazima yasiachwe mwishoni.

Safari hii kingo zilikaa, kitako kikawa wazi, na softiboksi, ile taa ya kisanduku yenye mwanga laini, ikawa ukanda mmoja mrefu upande wa kushoto. Mrija ndio uliokataa: juu ya manukato ulionekana, chini ukapotelea kwenye ukungu. Sababu si agizo. Stable Diffusion 1.5 huibana picha mara 8 kila upande kabla ya kuifanyia kazi, hivyo picha ya pikseli 512 inakuwa gridi ya 64. Mrija wenye upana wa pikseli 6 haujazi hata kijisanduku kimoja. Kuongeza maneno hapo ni kupoteza muda. Nilikata eneo la usawa wa manukato peke yake, nikalikuza lijaze fremu, nikaiambia modeli ilichore upya kwa nguvu ya mabadiliko ya takriban 0.4, kati ya 0 na 1, na agizo linalotaja mrija na usawa tu, kisha nikalirudisha mahali pake. Nguvu ikizidi sana, eneo hilo linapata taa zake lenyewe na mng'aro wa nje unakatika.

Kuna chupa ambazo njia hii haiziwezi. Ikiwa imechongwa nyuso nyingi, kila uso unaonyesha kipande tofauti cha mrija na cha nyuma, na modeli inavibuni tu. Kwa hizo ninachora umbo kwenye Blender, programu ya kuchora maumbo ya pande tatu, ambako injini ya Cycles hukokotoa miale kweli. Kile kipimo cha kupinda mwanga huko kinaitwa `IOR`: kioo 1.5, kimiminika 1.36. Kisha picha hiyo ndiyo ninayoipa modeli kama mwongozo. Umbo la kimiminika nalipanua kidogo liingie ndani ya ukuta wa kioo, kwa sababu likiachwa na upenyo mwembamba kati yao, hewa inaingia, na yule pacha hafifu wa mng'aro anarudi kusimama chini ya usawa wa manukato.