Je, wajua saruji inaishaje stoo wakati kufuli halijaguswa?

"Najenga Chanika, nina mlinzi wa usiku, stoo ya mabati ina kufuli zito na halijawahi kuvunjwa, ila kila wiki saruji haifiki kwenye hesabu yangu na nondo nazo hivyohivyo. Vinapitia wapi?"

Vingi vinapita mlangoni kwako mchana kweupe, kidogokidogo, na vilivyobaki vinatokea nyuma ya stoo ambako hamna anaeangalia. Kufuli linamzuia mtu baki tu, halimzuii anaejua kwamba wewe hujui una mifuko mingapi, na kwenye saiti nyingi ndogo mwenye mali hajui kwa sababu stoo imepangwa kiasi kwamba kuhesabu ni kazi ya nusu saa, nani ataifanya kila jioni.

Tuanze na saruji maana ndo inayouzika haraka. Kanta ikishusha, vijana wanabandika mifuko kwenye kona, imegusa ukuta pande mbili, mitano kwenda ndani, mitatu upana. Wewe ukisimama mlangoni unaona ukuta wa saruji umejaa unaridhika. Huko nyuma mtu anachomoa mmoja mmoja, mbele panabaki palepale, unakuja kugundua pango siku mmefika katikati ya rundo. Dawa yake ni kupanga safu 2 tu kwa upana, juu mifuko 10 basi, na pembeni uache njia ya mtu kupita pande zote. Mifuko 60 inakuwa marundo 6, mawili mawili mara tatu, kila rundo unaliona lenyewe, ukipita na tochi unasema 60 kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Chini weka mbao au mirunda iinuke kama sentimita 15, na kwa ukutani iwe mbali kidogo, ambavyo ni vizuri kwa unyevu pia kwa hiyo unaua ndege wawili. Unachukua rundo moja mpaka liishe ndo unagusa lingine, ukikuta marundo mawili yameliwa nusunusu uliza hapohapo.

Sasa kutoa. Mfuko unatoka asubuhi, jioni mfuko mtupu unarudi, na anaepokea akate kona ya kila mtupu kwa kisu kabla hajauweka pembeni, la sivyo mtupu wa leo utarudishwa tena kesho kama mpya na hesabu itakaa sawa wakati saruji imeshafika kwa jirani anaepiga plasta.

Hata hivyo mitupu haitoshi peke yake, chukulia mfano huu. Mmekubaliana na fundi tofali kwamba mfuko mmoja wa kilo 50 utoe tofali 35 za inchi 6. Asubuhi unampa mifuko 8, jioni unapokea mitupu 8 na unahesabu tofali 280, safi kabisa, kumbe katumia mifuko 7 tu, kila mmoja kautoa tofali 40, na ule wa 8 kaumwaga kwenye ndoo ukatoka umefunikwa mchanga. Karatasi haitakuambia kitu hapo. Kinachokuambia ni mchanga, hesabu matoroli yanayoingia kwenye mchanganyiko wa kila mfuko, yakizidi mliyokubaliana ujue anavuta, na tofali zenyewe baada ya siku kadhaa za kumwagiwa maji ukikwaruza kona na msumari inamomonyoka kama sukari guru. Ila usimkamate mtu kwa tofali moja, mchanga mchafu na kutomwagilia nako kunaleta hivyohivyo.

Haya, nyuma ya stoo. Mabati mengi yanagongwa misumari kwa nje kwa sababu ndo rahisi kwa fundi, kwa hiyo mtu mwenye nyundo ya kung'olea anafungua bati moja, anatoa anachotaka, anarudisha misumari kwenye matundu yaleyale, na asubuhi kufuli lako linang'aa tu. Kichwa cha msumari kilichong'olewa kinakuwa kimepinda au kina mkwaruzo mpya usio na kutu, angalia hapo. Bora bati lifungwe kwa bolti, nati ikae ndani. Komeo la mlango nalo hivyohivyo, na bawaba zisiwe na pini inayogongwa ikatoka kwa nje. Chini piga tofali mstari mmoja au zege jembamba kuzunguka, maana sakafu ya mchanga inachimbika na sepeto kwa muda mfupi sana. Na mlango utazame kibanda cha mlinzi, usitazame barabara wala ukuta wa jirani.

Nondo haziingii stoo, zina mita 12, lakini kwa kuwa nyingi huja zimekunjwa katikati ili zienee kwenye gari, pitisha mnyororo kwenye ile mikunjo yote afu funga kwenye nguzo. Zilizonyooka paka rangi ncha zake zote, rangi moja uliyoichagua wewe, nondo iliyokatwa itakuwa na ncha isiyo na rangi. Vipande navyo vihesabiwe, nondo ya milimita 12 ina karibu kilo 0.9 kwa kila mita na wanunua vyuma chakavu wanapima kilo, hawaulizi ilikuwa ndefu kiasi gani. Grenda na drili zisilale saiti kabisa kama inawezekana, foremani aondoke nazo. Toroli, sepeto na karai zitundike ukutani na uchore umbo la kila kimoja kwa rangi, umbo likiwa tupu jioni hamna anaeondoka.

Mlinzi sasa. Wengi wanamlaza ndani ya stoo wakidhani ndo usalama, mimi nalikataa, mtu mmoja anashika ufunguo, anashika mali, na hesabu anaitoa yeye. Weka kufuli 2 kwenye mlango mmoja, ufunguo mmoja kwa foremani mmoja kwa mlinzi, hakuna anaefungua peke yake. Saa 12 jioni wanahesabu pamoja marundo, ncha za nondo na maumbo ya ukutani, wanaandika kwenye daftari, wote wanasaini, saa 12 asubuhi wanarudia kabla vibarua hawajaingia. Bila makabidhiano hayo kila upungufu unakuwa "ulitokea zamu ya mwenzangu".

Usiku azunguke ila asiwe na saa maalum, akizoea saa 6 na saa 9 watu wataingia saa 7. Mtumie namba yoyote kwa wasapu muda unaotaka wewe, aiandike kwa chaki kwenye kibao na apige picha kibao kikiwa kimeegemea mlango wa stoo, hapo hawezi kukutumia picha ya jana. Taa ya sola imulike stoo na yeye akae gizani, wengi wanafanya kinyume, mlinzi anaonekana kutoka barabarani na yeye haoni kitu. Mvua ndo usiku wa kuogopa, bati linapiga kelele husikii msumari ukitoka, kwa hiyo mnunulie koti la mvua na buti, ukimnyima atakaa kibandani na huna haki ya kumlaumu.

Yote haya yana mwisho wake. Foremani na mlinzi wakikubaliana, kufuli 2 na saini 2 ni mapambo, hapo kilichobaki ni wewe kufika siku wasiyoitegemea, Jumapili hasa, na daftari mkononi, ukaanza na marundo ya nyuma.